Kuchacha kwa Mafuta ya Dagaa wa Ziwa Victoria: Chanzo Chake na Athari Zake kwa Afya ya Mlaji

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini mafuta yaliyomo katika dagaa wakavu wa Ziwa Victoria huchacha, na iwapo kula dagaa wa namna hiyo kunamdhuru mlaji. Hoja inayojengwa ni kwamba sifa ileile inayomfanya dagaa kuwa chakula bora, yaani wingi wa asidi mafuta zisizoshiba, ndiyo inayoyafanya mafuta yake kuchacha upesi. Kuhusu afya, makala inaonesha kwamba mtu mzima anayekula dagaa waliochacha kwa kiasi cha kawaida hakabiliwi na hatari ya sumu ya papo kwa papo. Hasara kubwa zaidi ni ya virutubisho, nayo humwangukia zaidi mtoto mdogo anayelishwa unga wa lishe uliochanganywa na dagaa. Aidha, inabainishwa kwamba kipimo kinachotumika sana maabara kinaweza kumpotosha msomaji asiyejua historia ya sampuli.

1.0 Utangulizi

Katika mialo ya Mwanza, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, hufikishwa nchi kavu alfajiri na kuanikwa asubuhi hiyohiyo. Baadhi huanikwa juu ya mchanga, baadhi juu ya miamba au nyavu kuukuu, na baadhi juu ya vichanja. Wakishakauka hutiwa katika magunia na kupelekwa sokoni, hususan Mwaloni Kirumba, ambako wafanyabiashara kutoka mikoa mbalimbali na nchi jirani, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huwanunua. Katika mnyororo huu wote kuna neno moja linaloshusha bei mara moja: kwamba dagaa hawa wamechacha.

Mnunuzi humtambua dagaa aliyechacha kwa macho, pua na ulimi. Ule weupe wa fedha hupotea, na mahali pake huja rangi ya manjano au ya hudhurungi, hasa tumboni. Harufu huwa kali kama ya rangi ya mafuta iliyokaa wazi, na ladha huacha uchungu unaokwaruza koo. Mzigo wa namna hiyo hautupwi. Huuzwa kwa bei ya chini kwa kaya zisizomudu daraja la kwanza, au hupelekwa kwa wasagaji wa chakula cha mifugo. Kwa hiyo swali la iwapo mafuta yaliyochacha yanadhuru linawahusu kwanza wale wenye uwezo mdogo wa kuchagua, na ndilo linaloongoza makala hii.

2.0 Maana ya kuchacha

Ni muhimu kutenganisha mambo matatu ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Uji au togwa huchacha kwa kazi ya vijidudu vinavyogeuza sukari kuwa asidi. Samaki mbichi huoza kwa sababu bakteria na vimeng'enya huvunjavunja protini zake. Mafuta nayo huchacha kwa njia zake, ambazo si lazima zihusishe kijidudu chochote. Katika makala hii, neno kuchacha linatumika kwa maana hii ya tatu pekee.

Njia za mafuta kuchacha ni mbili. Ya kwanza ni ya maji: kimeng'enya kiitwacho lipesi, kikisaidiwa na unyevu, hutenganisha asidi mafuta na gliseroli iliyozishikilia. Kama asidi zilizoachwa huru ni fupi, zitanuka. Ndiyo maana samli iliyotengenezwa bila kuondoa maji yote hupata harufu kali, na mafuta ya nazi yaliyobaki na unyevu huwa na ladha ya sabuni. Njia ya pili ni ya oksijeni: hewa hushambulia asidi mafuta mahali penye bondi maradufu na kuzaa viambata vipya.

Dagaa hupitia njia zote mbili, ila kwa mfuatano. Lipesi hufanya kazi tangu samaki anapokufa hadi maji yanapopungua sana mwilini mwake. Asidi zake ni ndefu na hazinuki zenyewe, lakini zikiwa huru huwa rahisi zaidi kushambuliwa na oksijeni. Kwa hiyo saa zilizopotea asubuhi kabla ya kuanika huandaa uharibifu utakaoonekana wiki kadhaa baadaye. Harufu na ladha anazolalamikia mnunuzi, hata hivyo, ni zao la oksijeni, na ndiyo maana sehemu inayofuata inashughulikia njia hiyo.

3.0 Namna oksijeni inavyoharibu mafuta ya dagaa

Asidi mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni. Ikiwa kila kaboni imeshikana na jirani yake kwa bondi moja, asidi hiyo imeshiba, na oksijeni huipata kwa shida. Sehemu kubwa ya asidi za samli iko hivyo, ndiyo sababu samli iliyochemshwa vizuri hadi maji yakaisha hudumu kwa miezi. Ikiwa kuna bondi maradufu moja au zaidi, asidi hiyo haijashiba. Udhaifu wake haumo hasa ndani ya bondi yenyewe, bali katika kaboni iliyobanwa kati ya bondi maradufu mbili. Atomi za haidrojeni zilizo juu ya kaboni hiyo zimeshikwa kwa ulegevu, na huondolewa kirahisi.

Asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, ina bondi maradufu moja na haina kaboni ya namna hiyo hata moja. Asidi ya linoleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya alizeti ya kawaida na ya pamba, ina moja. Asidi ya dokosaheksaenoiki, inayojulikana kwa kifupi kama DHA na iliyomo katika mafuta ya samaki, ina bondi maradufu sita, hivyo ina kaboni dhaifu tano. Wepesi wa kushambuliwa huongezeka kwa kadiri idadi hiyo inavyoongezeka. Asidi hiyohiyo ndiyo inayohitajika katika ujenzi wa ubongo na macho ya mtoto. Thamani ya dagaa na udhaifu wake vimo katika molekuli moja.

Mmenyuko wenyewe huenda kwa hatua tatu. Kwanza, kichocheo fulani kama vile mwanga, joto au chembe ya chuma huondoa haidrojeni moja kutoka kwenye kaboni dhaifu na kuacha radikali huru. Pili, radikali hiyo hujiunga na oksijeni, kisha hupora haidrojeni kutoka kwa asidi jirani. Asidi ya kwanza hugeuka haidroperoksaidi, na jirani aliyeporwa hugeuka radikali mpya itakayopora nyingine. Tukio moja hivyo huzaa mfululizo wa matukio mengi. Tatu, radikali zikikutana zenyewe kwa zenyewe hufungana na mfululizo hukoma.

Haidroperoksaidi hazina harufu wala ladha inayotambulika. Harufu huja zinapovunjika na kutoa molekuli ndogo, hasa aldehaidi, ambazo pua huzinasa hata zikiwa kidogo mno. Baadhi ya aldehaidi hizo hushikana na protini za nyama ya samaki, na zao la mshikamano huo ndilo rangi ya manjano na hudhurungi ambayo mnunuzi huiona. Rangi hiyo, kwa hiyo, ni ushahidi kwamba uharibifu umeshavuka mafuta na kuingia katika protini.

Samaki ana kinga yake ya asili, yaani vitamini E, ambayo huipa radikali haidrojeni yake yenyewe na kukatiza mfululizo. Vitamini hiyo hutumika na kwisha. Kwa kadiri inavyokuwepo, mafuta huonekana mazima. Ikishakwisha, oksidisho huenda kwa kasi. Kipindi hicho cha utulivu kinaeleza mgogoro wa mara kwa mara wa kibiashara: mzigo uliokuwa mzuri machoni pa muuzaji huko Kirumba hufika mbali ukiwa umechacha, na kila upande humshuku mwenzake. Yawezekana wote wawili wanasema kweli. Kinga ilikuwa imekaribia kwisha wakati gunia linashonwa, na haikuwapo dalili ya nje ya kuonesha hivyo.

4.0 Kutoka mchangani hadi ghalani

Dagaa ni samaki mdogo, na udogo huo una gharama. Eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, hivyo hewa humfikia kwa wepesi kila upande. Huanikwa mzima, bila kutumbuliwa. Vimeng'enya vya tumboni hubaki ndani, na damu yake hubaki pia. Damu ina chuma, na chuma ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya kuvunja haidroperoksaidi na kuanzisha mifululizo mipya.

Jua nalo lina kazi mbili zinazopingana. Linaondoa maji, na hivyo kuzuia bakteria na kuvu. Wakati huohuo linaleta joto na mwanga. Kwa makadirio ya jumla, kila ongezeko la nyuzi 10 za selsiasi huongeza kasi ya oksidisho maradufu, na mchanga wa adhuhuri huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake. Mwanga, ukisaidiwa na rangi za asili zilizomo katika damu na ngozi, huipa oksijeni nguvu ya kushambulia bondi maradufu moja kwa moja bila kusubiri radikali. Anayeanika hawezi kuliepuka jua, lakini anaweza kufupisha muda wake. Kichanja kilichoinuliwa hupitisha hewa chini na juu, kwa hiyo dagaa hukauka upesi zaidi kuliko wanapolalia mchanga, na huepushwa na uchafu wa ardhini pia.

Mvua ndiyo tatizo kubwa zaidi. Katika miezi ya masika na vuli, dagaa walioanikwa asubuhi huweza kunyeshewa adhuhuri, wakaanuliwa, kisha wakaanikwa tena kesho yake. Kila kurudia kunarefusha muda wa lipesi kufanya kazi na muda wa mafuta kukaa katika joto na mwanga. Hao ndio mara nyingi huishia daraja la chini, na huwa na kasoro nyingine ambazo si za mafuta: kuoza na kuota kuvu.

Inafaa kusisitiza jambo ambalo huwashangaza wengi: kukausha kupita kiasi hakuokoi mafuta. Utando mwembamba wa maji unaobaki juu ya tishu huwa kama ngao dhidi ya oksijeni na hupunguza nguvu ya chembe za chuma. Ukiondolewa wote, tishu hubaki na vitundu vingi vilivyo wazi kwa hewa, na oksidisho huongezeka. Chumvi, inayotumiwa kuzuia kuoza, nayo huelekea kuharakisha oksidisho. Moshi hufanya kinyume chake, kwa kuwa fenoli zake hutenda kazi inayofanana na ya vitamini E. Ndiyo sababu samaki wa kubanikwa kwa moshi hukawia kuchacha, ingawa moshi mwingi huleta viambata vyake vyenye madhara.

Baada ya kukauka, gunia la kawaida la plastiki iliyofumwa hupitisha hewa bila kizuizi. Dagaa waliojazwa humo na kupangwa chini ya bati la ghala wako mahali penye mambo mawili ambayo mmenyuko unayahitaji, oksijeni na joto.

5.0 Kipimo na namna ya kukisoma

Kipimo kinachotumika zaidi ni thamani ya peroksaidi, inayoeleza kiasi cha oksijeni kilichofungwa katika haidroperoksaidi kwa kila kilo ya mafuta. Mafuta huchujwa kutoka kwa dagaa waliosagwa kwa kutumia viyeyushi bila kuyapasha moto, kwa sababu joto lingezivunja haidroperoksaidi kabla hazijapimwa. Gramu 5 za mafuta huyeyushwa katika mililita 30 za mchanganyiko wa asidi ya asetiki na klorofomu kwa uwiano wa 3 kwa 2. Huongezwa nusu mililita ya mmumunyo uliokolea wa potasiamu ayodaidi, na kusubiriwa dakika moja. Haidroperoksaidi huigeuza ayodaidi kuwa ayodini. Kisha huongezwa maji mililita 30, na ayodini hupimwa kwa kudondoshea sodiamu thayosalfeti, wanga ukiwa kiashiria, hadi rangi ya buluu itoweke. Hesabu yake ni:

```
PV = (S - B) × N × 1000 / W
```

Hapa S ni mililita za thayosalfeti zilizotumika kwa sampuli, B ni zile za jaribio lisilo na mafuta, N ni ukolevu wa thayosalfeti, na W ni gramu za mafuta. Tuchukue mfano wa kufafanulia tu. Sampuli imetumia mililita 12.5, jaribio tupu 0.1, ukolevu ni 0.01 na mafuta ni gramu 5. Thamani ya peroksaidi itakuwa 12.4 × 0.01 × 1000 / 5, yaani miliekwivalenti 24.8 kwa kilo. Kwa kulinganisha, kiwango cha Kodeksi Alimentarius cha mwaka 2017 kinaruhusu mafuta ya samaki yanayouzwa kama mafuta yasizidi miliekwivalenti 5, na kiwango chake kingine kinaruhusu mafuta ya mimea yaliyosafishwa yasizidi 10. Viwango hivyo havikutungwa kwa ajili ya dagaa wakavu, lakini vinatupa mahali pa kusimama.

Tahadhari kubwa iko katika usomaji. Haidroperoksaidi ni zao la katikati: huundwa na kuvunjika kwa wakati mmoja. Mwanzoni kuundwa hushinda, na thamani hupanda. Baadaye kuvunjika hushinda, na thamani hushuka. Gunia la wiki mbili na gunia la miezi sita vinaweza kutoa tarakimu ileile. Mtafiti anayepima mara moja tu anaweza kuandika kwamba dagaa wa zamani ni bora kuliko wapya. Kwa sababu hiyo hupimwa pia thamani ya anisidini, inayoonesha aldehaidi zilizokwisha kuundwa. Vipimo viwili hujumlishwa kwa kuchukua mara mbili ya thamani ya peroksaidi na kuongeza thamani ya anisidini. Kikomo cha Kodeksi kwa jumla hiyo katika mafuta ya samaki ni 26.

6.0 Je, mafuta yaliyochacha yanadhuru?

Ushahidi upo wa aina tatu, nao hautoi jibu moja. Aina ya kwanza ni majaribio ya wanyama. Panya waliolishwa kwa muda mrefu mafuta yaliyooksidishwa sana walidumaa, wakaharisha na kupungukiwa vitamini E. Paka na wanyama wengine waliolishwa samaki waliochacha walipata ugonjwa ambao mafuta ya mwili huwa ya manjano na kuvimba. Mwaka 2016, watafiti wa Nyuzilandi walieleza kwamba panya wenye mimba waliopewa mafuta ya samaki yaliyooksidishwa sana walipoteza watoto wengi baada ya kuzaa. Matokeo haya yanathibitisha kwamba madhara yanawezekana, ila dozi zilikuwa kubwa kuliko zile za mlo wa kawaida wa binadamu.

Aina ya pili ni matukio ya watu kuumwa. Linalofahamika zaidi ni la Japani mwaka 1964, ambapo watu walitapika na kuharisha baada ya kula tambi zilizokaangwa kiwandani na ambazo mafuta yake yalikuwa yamechacha vibaya. Baadaye kanuni za nchi hiyo ziliweka kikomo cha thamani ya peroksaidi cha 30 kwa mafuta ya tambi za aina hiyo. Tukio hilo linaonesha kwamba sumu ya papo kwa papo ipo, na pia kwamba ni nadra. Sababu ya unadra wake ni kwamba ulimi hukataa mapema: aldehaidi hutambulika muda mrefu kabla hazijafikia kiasi cha kumtapisha mtu.

Aina ya tatu ni majaribio ya watu. Katika utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2012, watu wazima wenye afya walipewa gramu 8 kwa siku za mafuta ya samaki yaliyooksidishwa, yenye thamani ya peroksaidi 18 na ya anisidini 9, kwa wiki 7. Jumla ya oksidisho ilikuwa 45, mbali juu ya kikomo cha 26. Vipimo vya msongo wa oksidisho katika damu na mkojo wao havikutofautiana na vya waliopewa mafuta mazima. Sehemu ya maelezo ni kwamba haidroperoksaidi nyingi huvunjwa tumboni na katika utumbo, na ni chache zinazoingia mwilini zikiwa nzima. Aldehaidi huingia kwa wepesi zaidi, nazo ndizo zinazohitaji kuangaliwa.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Mtu mzima akila gramu 30 za dagaa wakavu, na tukichukua kwamba asilimia 12 ya uzito huo ni mafuta, atakuwa amekula gramu 3.6 za mafuta. Kwa thamani ya 24.8, atapata miliekwivalenti 0.089 za peroksaidi. Washiriki wa Norwei walipata gramu 8 zenye thamani ya 18, yaani 0.144 kwa siku. Mlaji wetu amepata takriban theluthi mbili ya kiasi ambacho hakikuonesha dalili mbaya. Kwake yeye, kwa kipimo hiki, hofu ya sumu haina msingi wa kutosha.

Hesabu hubadilika tukimweka mtoto wa kilo 10 mahali pake. Tuchukue kwamba uji wake una gramu 10 za dagaa waliosagwa, yaani gramu 1.2 za mafuta na miliekwivalenti 0.030 za peroksaidi. Kwa kila kilo ya mwili wake amepata 0.003. Mshiriki wa Norwei mwenye kilo 70 alipata takriban 0.002. Mtoto amempita mtu mzima wa jaribio kwa karibu mara moja na nusu, na hakuna jaribio la namna hiyo ambalo lingeweza kufanywa kwa watoto kimaadili. Ushahidi wa Norwei, kwa hiyo, haumkingi.

7.0 Hasara isiyo na dalili: unga wa lishe na chakula cha kuku

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mtoto, kwa maoni ya mwandishi, haimo katika kile kilichoongezeka ndani ya dagaa bali katika kile kilichopotea. Radikali zinazoharibu asidi mafuta huharibu pia vitamini A na vitamini E. DHA, ambayo ndiyo sababu mojawapo ya kumchagua dagaa, ndiyo ya kwanza kuliwa na oksijeni. Aldehaidi zinaposhikana na protini hukamata lisini, asidi amino ambayo mahindi yanayo kidogo na ambayo dagaa wanatarajiwa kuileta. Mama anaendelea kupima kijiko kilekile cha unga, naye anaamini kwamba mtoto amepata kile alichokusudia. Kalisi na chuma bado vimo, lakini sehemu kubwa ya kilichobaki imepungua thamani.

Unga huzidisha tatizo kwa njia mbili. Kusaga huongeza maradufu nyingi eneo linaloguswa na hewa, hivyo dagaa ambaye angedumu akiwa mzima huchacha mapema akiwa unga. Kisha, mchanganyiko wa karanga zilizokaangwa, soya na mahindi huficha harufu. Ulimi, ambao ni mlinzi wa mtu mzima, haufanyi kazi ipasavyo hapa, na mtoto wa umri huo hana namna ya kueleza kwa nini anakataa uji.

Kupika hakurudishi kilichopotea. Joto la kukaanga huzivunja haidroperoksaidi na kuziongeza aldehaidi. Kuosha kwa maji ya moto huondoa mchanga na sehemu ya viambata vinavyonuka, na limau hufunika harufu iliyobaki. Mafuta yaliyooksidishwa hubaki palepale. Desturi ya kuwaosha dagaa mara mbili kwa maji moto inafaa kwa usafi, lakini isichukuliwe kuwa tiba ya kuchacha.

Dagaa waliokataliwa sokoni nao hawaishii hapo. Wakisagwa kuwa chakula cha kuku, mafuta yao huimaliza vitamini E iliyomo katika mchanganyiko wote. Vifaranga waliopungukiwa vitamini hiyo hupata ugonjwa wa ubongo: huyumba, hupinda shingo na kuanguka. Mfugaji hutafuta dawa ya maambukizi wakati chanzo kimo katika gunia la chakula. Hivyo hasara ya mvua moja mwaloni huweza kuonekana bandani miezi michache baadaye.

Ni muhimu pia kutovuka mpaka wa hoja. Dagaa mwenye harufu nzuri anaweza kuwa na bakteria kutoka mchangani au sumukuvu kutoka katika unyevu wa ghala, na hatari hizo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya mafuta yaliyochacha. Harufu ya kuchacha inatoa taarifa kuhusu mafuta pekee. Kutokuwepo kwake si cheti cha usalama.

8.0 Hitimisho

Mafuta ya dagaa huchacha kwa sababu yamejaa asidi zenye kaboni dhaifu nyingi, na kwa sababu njia ya kutoka ziwani hadi mezani huzipa asidi hizo oksijeni, joto, mwanga na chuma kwa pamoja. Kwa mtu mzima, mlo wa dagaa waliochacha kidogo ni wa ladha mbaya na thamani pungufu kuliko kuwa wa sumu. Kwa mtoto, hukumu hiyo haiwezi kutolewa kwa uhakika uleule, na upotevu wa virutubisho pekee unatosha kuwa sababu ya kumwepusha.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanafuata. Dagaa wa unga wa lishe wachaguliwe kutoka katika mzigo uliokauka siku moja bila kunyeshewa, na kigezo cha kwanza kiwe rangi ya fedha, kwa kuwa manjano huonesha kwamba protini nazo zimeguswa. Wahifadhiwe wakiwa wazima katika chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, na wasagwe kwa kiasi cha wiki moja au mbili tu. Maabara zinazopima ubora wa dagaa ziripoti thamani ya peroksaidi pamoja na ya anisidini, na umri wa sampuli tangu siku ya kuanikwa, kwa sababu tarakimu moja isiyo na tarehe haiwezi kutenganisha dagaa aliyeanza kuharibika na yule aliyekwisha haribika.